Shibori kwenye ndoo ya nili: nyeupe inapotelea wapi?

*Shikamoo mwalimu. Nafanya batiki Morogoro na nimeanza kujaribu shibori ya Kijapani, ile ya kushona, kukunja au kufunga kitambaa kabla ya kukitia rangi, kwenye pamba kwa nili ya unga. Ndoo nimeiandaa kwa nili, chokaa ya kupaka nyumba na sukari ya kawaida. Vitambaa nilivyoshona kwa sindano vimetoka buluu mpauko kote, nyeupe haionekani, na buluu yenyewe inatoka kila nikifua. Nilivyokunja na kufunga kwa mipira, nje vimekolea lakini ndani havijaguswa. Nazamisha nusu saa. Nakosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na ndoo, kwa sababu hata ungeshona vizuri kiasi gani, ndoo hiyo isingekuachia nyeupe.

Tatizo kubwa ni sukari. Nili ni unga usioyeyuka majini. Ukiukoroga, chembe zake zinatawanyika na maji yanaonekana ya buluu, lakini hakuna kilichoyeyuka. Ili nili iingie ndani ya uzi wa pamba, lazima kwanza igeuzwe iwe katika hali nyingine, yenye rangi ya manjano inayoelekea kijani, ambayo inayeyuka kwenye maji yenye alikali kali. Ikishaingia ndani ya uzi na kukutana na hewa, inarudi kuwa buluu ileile isiyoyeyuka, na hapo imenaswa. Kazi ya kuigeuza nili kwenye ndoo ya aina yako ni ya sukari, ila si sukari yoyote. Ile ya chai ni sukrosi, na sukrosi haina uwezo huo. Fruktosi na glukosi zinao.

Kwa hiyo ulichokuwa nacho kwenye ndoo ni unga wa nili unaoelea ndani ya maji ya chokaa. Ulipozamisha kitambaa nusu saa, maji yale yalipenya polepole hadi ndani ya marinda yaliyoshonwa, yakaacha vumbi la buluu juu ya kila uzi, pamoja na zile sehemu ulizotaka zibaki nyeupe. Ndiyo maana yote yalikuwa mpauko, na ndiyo maana buluu inatoka kila ukifua: haijawahi kuingia ndani ya uzi. Nina hakika kitambaa chako kilitoka ndooni kikiwa tayari ni buluu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuangalia siku zote. Kitambaa kinachotoka kwenye ndoo iliyo tayari kinatoka na rangi ya manjano-kijani, kisha kinageuka mbele ya macho yako, kijani kwanza, halafu buluu.

Chokaa nayo ikague. Chokaa iliyozimwa inafaa kabisa, lakini iwe mpya na mfuko uwe umefungwa vizuri. Ikikaa wazi inanyonya hewa ya ukaa na kurudi kuwa unga wa mawe ya chokaa, sawa na chaki, na unga huo hauna ukali wa kutosha hata uweke kilo nzima. Ukiweza kupata karatasi za kupimia pH, ndoo yako isome kama 11. Ikishuka chini ya 10, nili haiwezi kubaki imeyeyuka vizuri.

Sasa ndoo mpya. Kipimo ninachokipendekeza ni kile cha sehemu moja ya nili, mbili za chokaa na tatu za fruktosi, kwa uzito. Ndoo ya lita 15 itachukua gramu 60 za nili, gramu 120 za chokaa na gramu 180 za fruktosi. Hiyo ni nguvu ya wastani, na kwa shibori naipenda kuliko ndoo nzito, kwa sababu inakuruhusu kukoleza rangi hatua kwa hatua. Tia nili kwenye chupa na maji kidogo ya uvuguvugu na vijiwe vichache visafi, utikise mpaka unga wote uloane na pasiwe na vidonge. Yeyusha fruktosi kwenye maji ya moto. Changanya vyote viwili ndani ya ndoo yenye maji ya moto yasiyochemka, kisha ongeza chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Vaa glavu na kinga macho, chokaa inaunguza. Ndoo iwe ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini usiiguse kwa kazi hii, alikali inaila.

Funika, izungushie blanketi ili joto lisitoroke, na ukoroge polepole kila baada ya muda bila kurusha maji juu, maana kila povu unalolipiga linaingiza hewa. Baada ya saa moja au mbili utaona utando wenye mng'ao wa shaba juu ya maji, na katikati viputo vya buluu ya zambarau. Sogeza utando kwa kijiko, chota maji ya chini, uyaangalie kwenye gilasi: yawe maangavu, rangi ya chai isiyo na maziwa au manjano-kijani. Yakiwa ya buluu na mazito, nili bado haijageuka. Usiongeze nili. Pasha moto ndoo, ongeza fruktosi vijiko viwili vitatu, usubiri. Kama fruktosi haipatikani kwako, glukosi ya unga ile ya kunywa, isiyo na ladha, inafanya kazi, ila ni ya polepole na inahitaji joto zaidi. Ndizi zilizoiva kupita kiasi pia zina sukari inayotakiwa: zichemshe, chuja, tumia maji yake. Hapo lakini hakuna kipimo cha gramu, utaongozwa na macho tu.

Kabla ya kugusa kitambaa chochote cha maana, zamisha kipande cha kitambaa dakika moja. Kikitoka manjano-kijani na kugeuka buluu hewani, kisha kikasuguliwa chini ya bomba na buluu ikabaki, ndoo iko tayari. Halafu iache itulie angalau saa moja ili tope la chokaa lishuke chini. Tope hilo likigusa kitambaa linaacha mabaka.

Hayo ya ndoo yakishakuwa sawa, tuje kwenye mkono, na hapa ndipo shibori inapoachana na batiki unayoijua. Kwenye batiki, nta inaziba uzi. Rangi hata ikae saa nzima, chini ya nta haifiki. Shibori haina kizibo. Kinacholinda nyeupe ni kitambaa chenyewe kilichojibana dhidi ya kitambaa, na ulinzi huo ni wa muda tu. Maji ya nili yanaendelea kupenya ndani ya marinda dakika baada ya dakika. Kila unachofanya, kuanzia urefu wa mshono hadi muda wa kuzamisha, ni njia ya kuamua maji yafike wapi na yaishie wapi. Ukilishika hilo utaelewa pia kwa nini vitambaa vyako vya kushona na vya kukunja viliharibika kwa namna mbili zinazopingana, ingawa vyote vilikaa nusu saa ileile. Vya kushona vinahitaji rangi izuiwe. Vya kukunja vinahitaji rangi isaidiwe kuingia.

Kitambaa kwanza. Marekani, ile pamba isiyopaushwa, ni nzuri sana kwa nili, na pwani yetu si mgeni wa nguo hizi, kwa kuwa katika karne ya 19 marekani na kaniki ya buluu iliyokolea zilisafiri pamoja kwenye mizigo ya biashara kwenda bara. Lakini marekani inatoka kiwandani na wanga pamoja na mafuta ya asili ya pamba, na vyote viwili vinafukuza maji. Ichemshe saa moja kwenye maji mengi yenye sabuni na magadi soda ya kufulia. Utashangaa maji yatakavyokuwa ya kahawia. Suuza, anika, kisha dondoshea tone la maji: likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likisimama juu kama shanga, rudia kuchemsha. Kazi hii ifanyike kabla ya kushona, kwa sababu kitambaa kitanywea, na kikinywea baada ya kushonwa mishono inalegea.

Sasa mshono. Nakupa mokume, mchoro unaofanana na mistari ya asili ya mbao, kwa sababu ndio unaofundisha kuliko yote: ni bandi tupu, mstari chini ya mstari, lakini kila kosa la mkono linaonekana. Chukua kipande cha sentimita 40 kwa 60. Tutashona eneo la katikati lenye urefu wa sentimita 20. Chora mistari inayovuka upana wa sentimita 40, mmoja kila sentimita moja, jumla mistari 21. Mistari ya mbao itakayotokea haitafuata mistari hii, itakata kwa upande mwingine, pembe mraba na mshono. Ukitaka mbao zisimame wima kwenye nguo, shona kwa mlalo. Wengi hugundua hili baada ya kufumua.

Chora kwa kitu kinachotoka kwa maji. Huko Arimatsu, mji wa shibori ulio sasa ndani ya jiji la Nagoya, ambako kazi hii ilianza 1608 kandokando ya barabara ya Tokaido na kuuzwa kwa wasafiri waliopita, michoro ilipigwa kwa kigezo kilichotobolewa na wino wa ua la buluu ambao unayeyuka ukikutana na maji. Kazi yenyewe iligawanywa: mmoja anachora, mwingine anashona au kufunga, mwingine anatia rangi, mwingine anafumua, na mshonaji mara nyingi alibobea katika aina moja tu ya fundo maisha yake yote. Nakwambia haya ili usijione mzembe mchoro wako wa kwanza ukikuchukua mchana mzima. Wewe tumia chaki ya fundi cherehani, na ujaribu kwanza pembeni kama inatoka.

Uzi uwe wa polista, imara, uukunje uwe wa nyuzi mbili. Uzi wa pamba wa kawaida utakukatikia wakati wa kuvuta, na mstari mmoja ukikatika katikati ya ishirini, sehemu hiyo imekwenda. Kila mstari uwe na uzi wake. Mwanzoni piga fundo kubwa kiasi kwamba haliwezi kupita kwenye kitambaa, na kama kitambaa ni chepesi, pitisha kipande kidogo cha kitambaa kwenye sindano kabla ya kuingia, kikae chini ya fundo kama kizuizi. Piga bandi za milimita 5, juu na chini ziwe sawa. Mwishoni acha mkia wa sentimita 8 au 10. Usivute chochote bado.

Kuna jambo hapa linalobadilisha sura nzima ya mchoro. Bandi za mstari wa pili zisikae chini kabisa ya zile za mstari wa kwanza. Zikilingana, kitambaa kitajikunja kwa marinda yaliyonyooka, nawe utapata mistari myembamba ya buluu na nyeupe, mizuri lakini haina uhai wa mbao. Zikitofautiana kidogo, mahali pengine zikipishana na mahali pengine zikikaribiana, rinda linapinda kutafuta njia, na mpindo huo ndio macho ya mbao. Usipime kwa rula. Uache mkono utofautiane wenyewe.

Mistari yote ikishakwisha, loanisha kitambaa. Pamba iliyoloa inajibana zaidi kuliko kavu, na hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanaovuta kitambaa kikiwa kikavu hawaijui. Vuta kila mstari nusu tu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ili marinda yajipange pamoja. Rudi mwanzo, uvute mpaka mwisho kabisa, ukisukuma marinda kwa kidole gumba kuelekea kwenye fundo. Tenganisha nyuzi mbili za mkia, zifunge pamoja kwa fundo la kupitisha mara mbili ili lisilegee kabla ya kulikaza, likae kabisa dhidi ya kitambaa. Sentimita 40 zinapaswa kubaki 4 au 5. Kitu ulichonacho mkononi kiwe kigumu, kisipinde. Jaribu kuingiza ukucha kati ya marinda mawili. Ukiingia, rangi nayo itaingia. Kama unaona uzi umelala wazi juu ya kitambaa badala ya kuzama kati ya marinda, fungua fundo hilo uvute tena. Nafasi ya milimita moja kwenye hatua hii inatosha kukupa ile buluu mpauko.

Baada ya hapo kiloweke kwenye maji safi, na usiharakishe. Kitambaa kikavu kikiingia ndooni kinavuta maji ya nili hadi katikati ya marinda kwa nguvu zake chenyewe, ndani ya sekunde chache. Kikiwa tayari kimeshiba maji safi, hakina nafasi ya kunywa, na nili inabaki kuingia polepole kutoka nje. Hayo maji safi ya ndani ni nusu ya ulinzi wako. Kiloweke mpaka kizame na viputo viishe, kisha kikamue kwa kiganja, kwa sababu viputo vikiingia na kitambaa vinaharibu ndoo.

Sogeza utando wa juu pembeni, ingiza kitambaa taratibu, na ukiache kining'inie kwa uzi uliofungwa kwenye fimbo iliyolazwa juu ya ndoo, kisiguse tope. Dakika mbili hadi tatu zinatosha. Zaidi ya hapo huongezi giza la nje kwa kiasi kikubwa, unaipa nili muda wa kutembea ndani. Kitoe polepole, ukikikamua kikiwa karibu na uso wa maji ili matone yasianguke kutoka juu na kupiga povu. Kitumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji safi, kizungushe kidogo. Maji yanaondoa nili ambayo haijashika, ambayo ingebaki juu na kutoka kwenye nguo ya mtu baadaye, na yanaanza kuigeuza buluu kwa usawa. Kisha kikae hewani dakika 10 au 15, ukipanua kingo za marinda ya nje kwa vidole ili hewa ifike. Usipanue ya ndani. Palipo kijani bado pana nili inayoyeyuka, na ukikirudisha ndooni kabla haijageuka, sehemu ya kazi yako inayeyuka kurudi ndani.

Rudia mara nne hadi sita, kila mara dakika mbili. Buluu iliyokolea inajengwa kwa kurudia, haijengwi kwa kulaza. Na kumbuka kwamba kitambaa kilicholoa kinaonekana kimekolea zaidi kuliko kitakavyokuwa kikavu, kwa hiyo pitiliza kidogo rangi unayoitaka.

Sasa vile vya kukunja, ambavyo kosa lake ni la upande wa pili. Ukikikunja kitambaa kwa kukiviringisha, rinda juu ya rinda, lile la kwanza linazikwa katikati na halina ukingo wowote unaogusa maji. Hiyo ndiyo sababu ya ndani kubaki pakavu. Kunja kwa kwenda na kurudi, mbele na nyuma, kama karatasi ya feni, ili kila tabaka liwe na ukingo unaotokeza nje. Chukua leso ya sentimita 44 kwa 44. Ikunje kwa kwenda na kurudi iwe ukanda wa sentimita 11, kisha ukanda huo uukunje kwa namna ileile uwe mraba wa 11 kwa 11. Una matabaka 16, na kwa marekani sikushauri uzidishe. Piga pasi kila mkunjo, maana mkunjo usionyooka unakupa mstari uliopinda. Weka vibao viwili vya mraba wa sentimita 7, kimoja juu na kimoja chini, vilingane barabara, uvibane kwa klampu za seremala. Zinabaki sentimita 2 pande zote nje ya vibao. Sehemu hizo zitakuwa buluu, na chini ya vibao patabaki nyeupe. Wajapani huita njia hii itajime. Mipira peke yake haifanyi kazi hii vizuri, inabana mstari mmoja tu na kuacha mahali pengine pamelegea.

Loweka, kamua, zamisha. Hapa kwenye ndoo usikiache kitambaa kikae kimya. Ukiwa umevaa glavu, chini ya maji, fungua kingo za matabaka kwa vidole moja baada ya nyingine, upande kwa upande, ili nili ifike kwenye kila moja. Kaa nayo dakika 5. Ukitoa, fanya vivyo hivyo hewani, la sivyo kingo za ndani zitabaki kijani huku za nje zimeshakuwa buluu. Ukifungua mwishoni na kuona miraba ya katikati imepauka kuliko ya nje, matabaka yalikuwa mengi au hukufungua kingo. Ukiona buluu imetambaa chini ya vibao na kufifisha mpaka, klampu zililegea, mara nyingi kwa sababu kitambaa kilicholoa kimejibana na klampu hazikukazwa tena. Zikaze baada ya kuloweka.

Kufunga kwa uzi kumekaa katikati ya njia hizi mbili, na nitakigusa kwa ufupi. Kumo, yaani mchoro wa utando wa buibui, unaanza kwa kubana nukta moja ya kitambaa, kuinua, na kupanga marinda membamba kuzunguka nukta hiyo kwa ukucha kabla ya kuweka uzi. Hatua ya kupanga marinda ndiyo inayotenganisha kumo na fundo la kawaida la batiki: marinda yakiwa sawa, utando unatoka na nyuzi zake zikiwa zimenyooka kutoka katikati, na yakiwa holela unapata duara lenye ukungu. Zungusha uzi kuanzia chini kwenda juu kwenye ncha, kila mzunguko ukiachana na mwenzake milimita 3 hivi, ukivuta kwa nguvu ileile, kisha rudi chini na umalizie kwa vitanzi viwili vya kukaza bila fundo. Vitanzi hivyo vinakuruhusu baadaye kushika kitambaa pande zote mbili, kuvuta kwa nguvu, na uzi ukafyatuka wenyewe bila mkasi. Muda wa ndooni ni kama wa mshono, dakika mbili hadi tatu, na kati ya mizunguko ya uzi panatosha kuguswa na maji bila msaada wa vidole.

Rangi ikikutosha, suuza kitambaa kikiwa bado kimefungwa mpaka maji yawe safi kabisa. Kisha kiloweke robo saa kwenye maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita, ili kuondoa chokaa iliyobaki, ambayo ingekifanya kitambaa kiwe kikavu mkononi na kukifubaza. Suuza tena, ukianike kivulini bila kufumua, kikauke kabisa. Najua mkono unawasha kufungua. Lakini ukifungua kikiwa kimeloa, nili kidogo iliyobaki kwenye marinda ya nje inagusa nyeupe iliyofunuliwa na kuacha kivuli, na fundo lililoloa ni gumu kulitofautisha na kitambaa. Kikiwa kikavu, vuta mkia wa uzi ili fundo lijitokeze, ukate fundo lenyewe kwa ncha ya mkasi mdogo, kamwe usikate rinda, kisha vuta mstari mzima kutoka upande wa pili. Baada ya hapo kifue kwa maji ya moto na sabuni isiyo na kipausha. Maji ya kwanza yatakuwa na buluu kidogo. Yakiendelea kuwa na buluu nyingi mara ya tatu, rudi kwenye ndoo: ama haikuwa imegeuka sawasawa, ama ulizamisha mara moja kwa muda mrefu badala ya mara nyingi kwa muda mfupi.

Ukimaliza siku, koroga ndoo taratibu hadi chini, funika, uiache ilale. Kesho ikiwa imepoa na maji ya chini yamekuwa kijani cha mawingu, ipashe moto hadi nyuzi joto 45 au 50, ongeza fruktosi kijiko kimoja au viwili, pima pH, uongeze chokaa ikiwa imeshuka, na subiri saa moja kabla ya kuangalia tena kwenye gilasi. Ndoo hii inaweza kukutumikia wiki nyingi, ikipungua nguvu kidogo kidogo, na ile ya siku za mwisho, ambayo haitoi tena buluu iliyokolea, itumie kwa mokume ya kitambaa chepesi: kwenye ndoo dhaifu mpaka kati ya buluu na nyeupe unatoka laini zaidi, na macho ya mbao yanaonekana hata yale madogo.